Barua kwa Mama Mkwe: Karibu Mama, Ila Utupigie Kwanza

Mila zetu ziliweka mipaka mingi kati ya wakwe, lakini mmoja ziliuacha wazi. Mwanaume wa Kijaluo hakutakiwa kulala chini ya paa moja na mama wa mkewe, na hata leo wapo watu wazima, wasomi wenye magari yao, wanaokwenda ukweni mchana na jioni wakatafuta gesti kuliko kuvunja mwiko huo. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mke wa mtoto alimkwepa baba mkwe: akimwona njiani anakata kona, na jina lake halitaji. Kila mtu alijua asimame wapi. Ila kati ya mke na mama wa mumewe mambo yalikwenda kinyume kabisa. Bibi harusi aliingia kwenye himaya ya mama huyo, akapika kwenye jiko lake, akalima shamba lake, akafundishwa mji unavyokwenda. Hakuna aliyefikiria kuweka umbali, kwa sababu kukaa karibu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Ndiyo maana mkazamwana wa leo, anayeishi vyumba viwili vya kupanga, akitaka kumwambia mama mkwe apige simu kabla ya kuja, anajikuta hana pa kushika. Akisema kwa mdomo anaonekana kiburi. Akinyamaza anaanza kununa, na nuna ya mkazamwana haifichiki: chai inaletwa imepoa, majibu yanakuwa mafupi, na mtoto anachukuliwa mikononi mwa bibi yake kwa haraka kidogo kuliko inavyohitajika. Baadhi ya familia zimeanza kutumia njia ya katikati, barua ya karatasi. Nimeona zilizofanikiwa na zilizoharibu, na tofauti yake mara nyingi si ukali wala upole wa maneno, bali nani ameandika, ameomba nini hasa, na ametoa nini badala yake.

Nitachukua nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wenyewe wasijulikane. Mume na mke wana mtoto wao wa kwanza, wa wiki kumi. Mke ni mwajiriwa, yuko kwenye ile likizo ya uzazi ya siku 84, nayo inaelekea ukingoni. Mama mzaa mume ni mjane anayeishi Mbagala, na kufika Tabata humlazimu kupanda daladala mbili.

Siku arobaini za kwanza mama huyu alikuwa nguzo. Alimkanda mzazi maji ya moto asubuhi na jioni, akapika mtori na uji wa pilipili manga, akakesha na mtoto ili wazazi wapate usingizi. Arobaini ikaisha, akarudi kwake. Lakini hakuna aliyesema kwamba sasa utaratibu umebadilika, naye akaendelea kuja kana kwamba bado yumo kazini. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi anagonga mlango, mume anafungua na bukta. Katikati ya wiki anafika mchana, anaingia jikoni, anahamisha sufuria, anamwelekeza dada wa kazi apike hiki aache kile. Mtoto akilia anasema ana kiu kwa joto hili, na kijiko cha maji kinafika mdomoni kabla mama yake hajatoka chumbani. Mara maziwa yako mepesi, mara mtoto amepungua, mara mchango huo, umpe dawa. Siku iliyovunja subira ilikuwa Jumatano moja: mke alitoka kuoga amejifunga kanga moja, akamkuta mama mkwe sebuleni na wenzake wawili wa jumuiya, waliokuja kumwona mtoto.

Ukimsikiliza mke peke yake utasema mama huyu hana adabu. Si kweli. Anafuata adabu ya mahali pengine. Kijijini mgeni huonekana kabla hajafika. Mbwa wanabweka, watoto wanakimbia kusema bibi anakuja, kuna uwanja wa kuvuka na kivuli cha kukaa huku mwenyeji akijiweka sawa. Nyumba za zamani za pwani nazo zilikuwa na baraza nje, ambapo mtu aliweza kupokewa, akanywa kahawa na kuondoka bila kuona ya ndani. Mama akisema hodi pale, hodi ile ina nafasi ya kufanya kazi yake. Tabata mlango unafunguka moja kwa moja kwenye sebule, na pazia ndilo linalotenganisha sebule na kitanda. Anasema hodi huku mkono uko kwenye kitasa, na hakuna sekunde hata tano za kuvaa. Simu ya siku moja kabla inarudisha ule uwanja ambao nyumba za mjini zimeukosa. Mkiielewa hivyo hamtaandika barua ya kumfunza mtu mzima tabia, mtaandika barua ya kumweleza nyumba yenu ilivyo.

Wapo watakaoshawishika kuweka maandiko. Waislamu watakumbuka Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinazoagiza mtu aombe idhini na kusalimu kabla ya kuingia nyumba isiyo yake, na akiambiwa arudi, arudi. Wakristo watakimbilia Mwanzo 2:24. Ushauri wangu ni kuyaacha yote mawili. Mama wa miaka sitini na kitu anazijua aya hizo kuliko ninyi, na aya iliyotumwa na mtoto kwenda kwa mzazi inasomeka kama mahubiri ya kumhukumu.

Kabla ya kushika kalamu, wale wawili wa Tabata walifanya jambo ambalo wengi hulikosa. Walikaa na kukumbuka mama alikuja lini na lini. Wakaona siku zake zina mpangilio: Jumapili, na siku za mwisho wa mwezi. Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akitoka kanisani na marehemu mumewe na kula naye mchana. Mwisho wa mwezi dawa zake za presha zinaisha, naye si mtu wa kumwomba mtoto fedha kwa simu, kwa hiyo anakuja "kusalimia" na kusubiri aulizwe. Ziara zote zile za ghafla zilikuwa na sababu mbili tu, upweke na dawa. Barua ambayo ingezuia ziara bila kugusa sababu hizo ingekuwa imemfungia mlango mjane mgonjwa. Basi mume alianza kumtumia fedha ya dawa kila tarehe 25 bila kuombwa, wiki kadhaa kabla ya barua, ili isionekane kwamba fedha hiyo ni fidia ya kukaa mbali.

Swali la nani aandike lilileta ubishi ndani ya nyumba yenyewe. Mke alitaka kuandika mwenyewe kwa sababu yeye ndiye anayeumia. Mume alitaka mke aandike kwa sababu yeye anaogopa, ingawa hakulisema hivyo. Kwa maoni yangu barua inayotoka kwa mkazamwana peke yake, hata iwe na asali kila mstari, itasomwa kuwa ni kesi: ameshaanza kumtenga mwanangu. Na inayotoka kwa mwana peke yake itasomwa kuwa ni kulishwa maneno. Inayofaa ni ya wote wawili, imeandikwa "sisi" mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko wa mwana, na imepelekwa na mwana kwa mkono wake. Neno "mke wangu anasema" lisionekane humo hata mara moja.

Mnaweza kuuliza kwa nini karatasi, wakati kila mtu ana simu. Ujumbe wa sauti unasambazwa. Ndani ya dakika kumi mawifi wote wameusikia, na kila mmoja ameutilia chumvi yake. Zaidi ya hapo, mama mwenye macho hafifu atampa mtu amsomee, awe mjukuu, jirani, au mama mchungaji. Kwa hiyo kila sentensi ipimwe kwa kipimo hiki: je, ikisomwa kwa sauti mbele ya dada yake, ataona haya? Ikiwa ndiyo, ifutwe. Habari ya kanga moja na wenzake wa jumuiya haikuingia kwenye barua, ingawa ndiyo iliyoizaa.

Hii ndiyo barua, nikiwa nimeondoa majina.

"Mama yetu mpendwa,

Shikamoo mama. Sisi huku hatujambo, na mjukuu wako hajambo, siku hizi akisemeshwa anacheka. Tunatumaini presha imetulia na dawa unaendelea nazo vizuri.

Mama, tunaanza na shukrani, kwa sababu hatujawahi kukaa tukakushukuru inavyostahili. Uliacha nyumba yako ukaja kukaa nasi, ukakanda, ukapika, ukakesha ili sisi tulale. Arobaini ya mjukuu wako ilipita salama kwa mikono yako, na hilo hatutalisahau.

Tuna ombi moja. Ukitaka kuja kwetu, tunaomba utupigie simu siku moja kabla. Nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo, mlango ukifunguliwa mtu ameshafika kitandani. Siku nyingine mtoto amekesha na sisi tunalala mchana. Siku nyingine tumetoka, na hatupendi upande daladala mbili uje ukute kufuli. Ukitupigia tutakupokea tukiwa tumejiandaa. Ikitokea kesho yake haifai, tutakutajia palepale siku inayofaa. Lakini kukiwa na ugonjwa, msiba au shida yoyote, usisubiri simu, njoo saa yoyote.

Jumapili tumekuwekea wewe. Kila Jumapili baada ya ibada tunakusubiri kwa chakula cha mchana, na mwanao atakufuata kituoni. Tuanze Jumapili hii, tutapika samaki.

Kuhusu kumlea mtoto, sisi ni wageni wa kazi hii na tunakuhitaji. Mambo ya kumbembeleza, kumwogesha, mila za ukoo na majina ya wazee, tutakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine. Mambo ya chakula chake na dawa tumekubaliana kufuata kliniki. Mpaka atimize miezi sita tunaomba asipewe chochote isipokuwa maziwa ya mama yake na dawa aliyoandikiwa na daktari, hata maji asipewe. Siku yake ya kupimwa uzito ni Jumanne, na tungefurahi tukienda wote ili umwulize nesi mwenyewe. Mambo ya jikoni, ya dada wa kazi na ya matumizi tunaomba utuachie tujifunze, hata tukikosea. Likikukera jambo, mwite mwanao pembeni umwambie.

Na sisi tumekuwa tukija kwako bila taarifa. Kuanzia sasa nasi tutapiga simu kwanza.

Barua hii tumeiandika tukiwa tumekaa pamoja, na yote yaliyomo ni ya wote wawili.

Ni sisi wanao tunaokupenda."

Jambo la kwanza la kuangalia humo ni lile ombi. Ni moja, na ni jambo ambalo mama anaweza kulifanya, kupiga simu. Katika rasimu ya kwanza waliandika "usije bila taarifa" na "tunaomba uheshimu faragha yetu". Sentensi ya kwanza inaanza na usije, na masikio ya mama yataishia hapo. Ya pili haimwambii afanye nini kesho asubuhi. Faragha ni nini kwa mtu aliyemwogesha mwanao huyo mpaka akawa na miaka sita? Kupiga simu siku moja kabla, hilo linaeleweka, na wote wawili watajua kama limefanyika au halikufanyika. Tena waliepuka ile lugha ya ofisini, "tunapenda kukujulisha kwamba kuanzia sasa utaratibu ni kama ifuatavyo," ambayo humfanya mzazi ajione amepewa barua ya onyo na mwajiri.

La pili ni Jumapili. Bila siku maalumu, ombi lote linageuka kuwa kuzuiwa tu. Mama anahesabu: wiki ya kwanza sikupiga, nao hawakunipigia, wiki ya pili vivyo hivyo, basi hawanitaki. Kuna kina mama waliosusa namna hiyo miezi na miezi, huku mkazamwana akidhani barua imefanya kazi. Mwaliko wa kwanza uwe ndani ya barua yenyewe, na uwe wa karibu mno kiasi kwamba hapati muda wa kununa. Na siku hiyo ichaguliwe kufuata upweke wake, isifuate ratiba yenu. Kama Jumapili ndiyo inayomuuma, Jumapili ndiyo apewe.

Ile sentensi ya ugonjwa na msiba ni fupi, lakini ukiitoa barua inakuwa haramu kwa mila zetu. Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo mtu anapiga simu kuomba nafasi ya kuleta habari ya msiba.

Sasa ushauri. Hapa ndipo barua nyingi huharibika, kwa sababu mwandishi hukusanya kila neno lililomuudhi na kuliwekea jibu. Wale wa Tabata waliamua kupanga ushauri wa mama kwa kuuliza nani ana neno la mwisho. Mengine ni yake, mengine ya kliniki, mengine ya wenye nyumba. Mpango huu una faida kwamba haumwambii mama "usitushauri". Unampa eneo ambalo yeye ndiye mtaalamu, na si eneo la kubuni ili afurahi. Kumkanda mzazi, kumbeba mtoto mwenye gesi mpaka atulie, kujua mtoto amefanana na nani na alipewe jina la nani, haya vitabu havina. Pia bibi aliyelea watoto watano huona mapema mtoto anapokuwa si wa kawaida. Akisema mtoto amelegea, au macho yamekuwa ya njano, hapo si wakati wa kukumbushana mipaka. Ni wakati wa kwenda hospitali.

Suala la maji limepewa sentensi zake kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lenye hatari ya kweli. Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu zinaelekeza maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, ndipo vyakula vingine vianze huku mtoto akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Bibi akisema mtoto ana kiu hasemi kwa ubaya, anaona jasho. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, na mtoto mwenye joto akinyonya mara nyingi zaidi kiu yake inakwisha. Tumbo lake ni dogo. Maji yakiingia yanachukua nafasi ya maziwa, ananyonya kidogo, na matiti yasiyonyonywa hupunguza kutengeneza. Wiki mbili baadaye mizani inaonyesha hakuongezeka, bibi anasema si nilisema maziwa ni mepesi, na kikombe cha maji kinafuatwa na uji. Juu ya hayo kuna kuharisha, ikiwa maji au kijiko si safi. Asali nayo, ambayo baadhi ya wazee humlambisha mchanga kama baraka, haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto.

Mambo haya yote hayakuandikwa kwenye barua. Mkazamwana akimwandikia mama mkwe asilimia 87, ameshindwa kabla ya kuanza. Kilichoandikwa ni mwaliko wa kliniki. Pale mama atakaa kwenye benchi na bibi wengine, atasikia somo linalotolewa kwa wote, ataona mtoto anavyowekwa kwenye mizani na alama ikiingizwa kwenye kadi. Nesi ni mtu mzima mwenye sare, hana ugomvi naye. Neno lilelile alilolikataa kwa mkazamwana atalipokea kwa nesi, na akirudi Mbagala atawafundisha wenzake kana kwamba alilijua siku zote. Msimkatize.

Kwa ushauri unaotoka papo hapo, jikoni, mbele ya sufuria, barua haisaidii. Panahitajika sentensi moja iliyokwisha kutayarishwa, isemwe kwa sauti ileile kila mara: "Asante mama, hilo nitaongea na mwanao." Halafu mazungumzo yahamie kwingine, "mama, hebu nionyeshe ule mtori ulivyoukoroga." Kueleza sababu kunaalika mjadala, na kwenye mjadala mkubwa hushinda mdogo. Atakayechoka kwanza kwenye mchezo huu ni mwenye ushauri.

Kuipeleka nako kuna namna yake. Mume alikwenda Mbagala Jumamosi jioni, peke yake, na sukari, sabuni na doti ya kanga. Kuhusu kanga, dokezo la pembeni: someni jina lake kabla ya kulipa. Wanawake wa nchi hii wamerushiana maneno kwa kanga vizazi na vizazi, na doti yenye jina la kijembe ikiambatana na barua ya mipaka itamaliza undugu bila barua kufunguliwa. Alikaa, akala alichopikiwa, akamweleza mama kwa mdomo kuwa wameandika kitu na angependa wakisome pamoja. Akamsomea. Kwenye sehemu ya dada wa kazi mama alimkatiza, akasema, "Kwa hiyo nimekuwa mwizi jikoni kwako?" Mume hakujitetea wala hakusema si mimi. Alisema, "Hapana mama, nimekuwa baba wa nyumba, nijifunze," akaendelea kusoma. Alikuwa ameambiwa na shangazi yake mapema kwamba katikati ya usomaji patakuwa na neno la namna hiyo, na kwamba nyumba hupona au huvunjika kwa jibu lake.

Shangazi huyo ndiye mtu wa akiba. Kila familia inaye, awe shangazi, mshenga aliyesimamia posa, au mzee wa kanisa. Asiingizwe mwanzoni, maana shauri la watu watatu linakuwa kikao. Ajulishwe tu kwamba barua ipo, ili ikigeuka kuwa maneno ya mtaani awe wa kwanza kusema ameiona na haina tusi.

Dalili za kwamba imepokelewa vibaya huwa hazitoki kwa mama mwenyewe. Zinatoka kwa wifi, "nasikia siku hizi kwenu tunaingia kwa miadi." Hapo mume, si mke, ampigie dada yake siku hiyohiyo, kisha aende kwa mama kabla ya Jumapili. Ziara ya kwanza ya ghafla baada ya barua nayo itakuja, karibu lazima ije, iwe kwa kusahau au kwa kupima. Mfungulieni, mkalisheni, chai itoke. Kama mlikuwa mnatoka, tokeni kweli baada ya nusu saa, mkimweleza kwa upole kwamba mngejua mngebaki, na mume amsindikize mpaka kituoni. Mkifuta safari yenu, mmeifuta barua. Mkimnunia, pia mmeifuta.

Zipo nyumba ambazo barua hii haiwezi kuandikwa. Ikiwa mnakaa kwenye nyumba ya mama, au kwenye kiwanja chake, au yeye ndiye atakayemlea mtoto likizo itakapoisha, hamwezi kumpangia siku za kuingia. Hapo mazungumzo ni ya kuhama au ya kugawana majukumu. Na mama anayetukana, anayempiga mkazamwana au kumshinikiza mwanawe aoe mke mwingine hahitaji barua ya samaki wa Jumapili. Kesi hiyo ni ya wazee wa pande zote mbili, na ikishindikana ni ya ustawi wa jamii.

Mama wa Mbagala alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akampigia mwanawe, akasema Jumapili atakuja, samaki wasikaangwe, wapikwe nazi. Jumanne alikwenda kliniki, akamwuliza nesi habari ya maji mara mbili. Halafu naye akatoa sharti lake, maana waliahidi kupiga simu kabla ya kwenda kwake na yeye aliishika ahadi hiyo kuliko walivyotegemea: wasifikirie kumletea mtoto Alhamisi, hata likizo ikiisha, kwa sababu Alhamisi ana kikoba, na anayechelewa anatozwa faini.